Mtoto Asiyeona Ubao Hasemi

Mtoto asiyeona ubao vizuri ni nadra akuambie. Si kwamba anaficha. Uoni wake ulififia polepole, mwezi baada ya mwezi, na hana cha kulinganisha nacho. Anavyojua yeye, ubao ndivyo ulivyo: kitu cheusi cha mbele chenye michirizi myeupe. Anadhani wenzake nao wanaona hivyohivyo, ila wao wana akili zaidi ya kuisoma. Ndiyo maana ukimuuliza, "Unaona ubaoni?" atakujibu, "Naona," na wala hasemi uongo. Anaona kweli kwamba ubao upo.

Kinachowapoteza wazazi wengi ni kwamba mtoto huyohuyo akiwa nyumbani macho yake yanaonekana mazima. Anachambua mchele na kutoa kila kijiwe, anatunga uzi kwenye sindano ya bibi, anasoma maandishi madogo ya simu. Basi mzazi anahitimisha kwamba macho hayana tatizo, tatizo ni uvivu. Lakini shida inayowapata zaidi watoto wa umri wa kati ya miaka 8 na 14 ni ya kuona mbali, na karibu haigusi. Jicho limekua likarefuka kupita kiasi kutoka mbele kwenda nyuma, kwa hiyo picha ya kitu kilicho mbali inatua kabla ya kufika kwenye utando wa nyuma unaopokea mwanga. Kitu kikisogezwa karibu, picha nayo inasogea nyuma mpaka inatua mahali pake.

Namba ya miwani yenyewe inakueleza umbali huo, na ni jambo ambalo wazazi wachache wamewahi kuelezwa. Mtoto mwenye namba hasi 1 anaona vizuri hadi mita 1 tu. Zaidi ya hapo ukungu unaanza. Mwenye hasi 2 anaishia nusu mita. Mwenye hasi 3 anaishia kama sentimita 33. Sasa pima daftari liko umbali gani mtoto anapoandika: ni sentimita 30 hadi 40. Mwenye hasi 2 anaandika bila taabu yoyote, kisha anainua kichwa kutazama ubao ulio mita 5 mbele yake na kila kitu kinayeyuka. Wewe unamwona akiwa ameinama kwenye daftari. Mwalimu anamwona akiwa ameinua kichwa. Ni vigumu mmoja wenu peke yake kupata picha kamili.

Kuna jambo jingine linalozidisha tatizo, nalo ni mpangilio wa madawati. Tatizo hili huanza au kuongezeka katika miaka ileile ambayo mtoto anarefuka haraka, na katika madarasa mengi yetu mtoto mrefu hupelekwa nyuma asiwazibe wenzake. Kwa hiyo mtoto aliyekuwa dawati la pili akiwa darasa la tatu anajikuta dawati la mwisho akiwa darasa la tano, wakati macho yake ndiyo kwanza yanaanza kushindwa. Mtoto wako akirefuka ghafla na matokeo yake yakashuka mwaka huohuo, usikimbilie kusema ni balehe. Uliza kwanza anakaa wapi.

Dalili tunazoambiwa tuziangalie, yaani kufinya macho, kuinamisha kichwa na kusogea karibu, ni mbinu alizojigundulia mtoto mwenyewe ili aone. Ukizitazama hivyo utajua ni wakati gani wa kuzitafuta: wakati mtoto anataka sana kuona kitu kilicho mbali.

Anza na kufinya macho. Mtoto anapobana kope, upenyo unaobaki unazuia miale ya pembeni, ile inayotawanyika na kuleta ukungu, na kuruhusu ya katikati tu. Picha inasafika kidogo. Kwa hiyo kufinya macho kunamsaidia kweli, wala si tabia mbaya ya kukemewa. Ila usihesabu kufinya kwa jua kali, maana hilo sote tunalifanya. Mtazame akiwa kivulini au ndani, akijaribu kumtambua mtu anayekuja kwa mbali, au kusoma kibao cha duka lililo ng'ambo ya barabara. Kwa wakazi wa Dar es Salaam kuna mtego: watoto wanatambua daladala kwa rangi ya ule mstari wa ubavuni, kwa hiyo mtoto anaweza kukuambia "hiyo ni yetu" bila kusoma hata herufi moja. Mwambie asome maneno. Kisha yasome wewe mwenyewe kutoka hapohapo mlipo. Ikiwa wewe unayasoma bila shida na yeye hawezi, au anaweza baada ya kufinya tu, umepata jibu la kwanza.

Sayansi hiyohiyo ya kufinya inakupa kipimo kizuri cha bure. Chukua kipande cha kadi ngumu, toboa tundu moja dogo la upana wa kama milimita 1, mwambie mtoto atazame kupitia tundu hilo kwa jicho moja huku la pili amelifunika. Maandishi aliyoshindwa kuyasoma yakisomeka kupitia tundu, kuna uwezekano mkubwa kwamba shida ni ya kurekebishwa kwa miwani. Yasiposomeka bado, usitulie. Huenda kuna jambo ndani ya jicho lenyewe, na safari ya hospitali iwe ya wiki hii.

Kuinamisha kichwa kunahitaji uangalifu zaidi, kwa sababu sababu zake ni nyingi na baadhi hazitibiwi kwa miwani. Wako watoto wanaogeuza uso ili kulitanguliza jicho lililo zima. Wako ambao misuli inayoendesha macho hailingani nguvu, wakiweka kichwa wima wanaona vitu viwili-viwili, na wakikilaza upande mmoja vinaungana kuwa kimoja. Wako ambao macho yao yanachezacheza na hutulia kidogo wakitazama kwa upande fulani. Hili ni la kawaida sana kwa watoto wenye ualbino, ambao kila mmoja wao anahitaji kupimwa macho tangu mdogo, asisubiri dalili. Mtoto anayeinua kidevu muda wote huenda kope yake ya juu imelegea na anachungulia chini yake. Na wakati mwingine jicho halihusiki kabisa: ni shingo, au ni mtoto anayetega sikio moja kwa sababu la pili halisikii vizuri.

Utatofautishaje? Mtoto akiwa anatazama kitu huku kichwa kimeinama, mfunike jicho moja kwa kiganja chako, kisha rudia kwa la pili. Ikiwa kichwa kinarudi wima chenyewe baada ya jicho mojawapo kufunikwa, chanzo ni macho. Halafu toa picha za zamani: za siku ya kuzaliwa, za Idi, za Krismasi, za kuhitimu chekechea. Ukiona kichwa kimelala upande uleule tangu ana miaka miwili, nenda nazo hospitali, kwa sababu daktari wa macho atakuuliza hali hiyo ilianza lini na picha zinajibu vizuri kuliko kumbukumbu. Kichwa kilichoanza kuinama juzi tu kinahitaji haraka zaidi kuliko kilichoinama miaka yote.

Lakini kabla ya yote hayo, tembelea darasa. Keti kwenye dawati la mtoto wako, ukishusha kichwa mpaka usawa wa kichwa chake. Huenda ukakuta dirisha linapiga mwanga ubaoni kiasi kwamba upande mmoja wote unang'aa na mtoto lazima ajipinde kuuona. Huenda ubao umechakaa, umekuwa wa kijivu, na chaki haishiki. Ukishindwa kuusoma wewe mwenyewe ukiwa hapo, hilo ni tatizo la shule nzima na la kupelekwa kwenye kikao cha wazazi.

Kusogelea runinga ndiyo dalili inayowatia wazazi hofu zaidi, na kwa maoni yangu ndiyo dhaifu kuliko zote. Watoto wadogo wanapenda kukaa karibu, na macho yao yana uwezo mkubwa wa kuvuta vitu vya karibu kuliko yetu. Runinga haiwaharibu macho. Cha kufanya ni kumrudisha nyuma hadi mita 3 na kumwomba akusomee matokeo ya mpira yaliyoandikwa pembeni, au maneno ya habari yanayopita chini. Akisoma vizuri, anakaa mbele kwa mapenzi yake. Akishindwa, au akianza kujisogeza mwenyewe bila kujua, anakaa mbele kwa sababu nyuma haoni.

Dalili ninayoiamini kupita zote haimo usoni mwa mtoto, imo ndani ya begi lake. Chukua daftari la hesabu na la Kiswahili, keti nayo jioni moja, utenganishe kazi kwa namna zilivyoingia daftarini. Kuna kazi alizonakili ubaoni, kuna alizoandika kwa imla, kuna alizozitoa kitabuni. Mtoto ambaye shida yake ni kuelewa atakosea kote. Mtoto asiyeona ubao atapata vizuri kwenye imla na kwenye kazi za kitabuni, kisha ataporomoka kwenye zile za ubaoni.

Tuchukue mfano wa mvulana wa darasa la tano. Imla kapata 9 kwa 10. Hesabu za ubaoni kapata 4 kwa 10, na mwalimu ameandika kwa wino mwekundu "Kuwa makini". Mama anazipitia zile alizokosa. Moja imeandikwa 43 + 6, jibu 49. Anamuuliza rafiki wa mwanaye anayesoma naye, naye anamwonyesha daftari lake: swali lilikuwa 48 ÷ 6. Yaani mtoto amelifanya kwa usahihi kabisa swali ambalo mwalimu hakuliuliza. Tarakimu 8 imekuwa 3, na alama ya kugawanya imekuwa ya kujumlisha. Anapoendelea anakuta 6 zimegeuka 0 na 5 zimegeuka 6. Pia kuna mistari inayokatika katikati ya sentensi, kwa sababu ubao ulifutwa kabla hajamaliza kunakili kutoka kwa jirani yake wa dawatini. Na pale jirani alipokosea, naye amekosea vilevile.

Mama huyu sasa ana sababu ya kupima, na kipimo anaweza kukifanya nyumbani. Achore herufi E kwa kalamu nyeusi nene kwenye karatasi nyeupe, urefu milimita 17 au 18 na upana uleule. Kila mkono wa E na kila nafasi kati ya mikono iwe ya milimita 3 na nusu. Kisha apime mita 6 nje, kwenye kivuli angavu, mtoto asielekee jua. Nyumba ikiwa ndogo, mita 3 zinatosha, lakini hapo E iwe ya milimita 9. Kwanza amsogelee mtoto na kumfundisha: nionyeshe kwa mkono vidole vya E vinaelekea wapi, juu, chini, kulia au kushoto. Akielewa, arudi kwenye mstari. Mtoto afunike jicho moja kwa kiganja kilichokunjwa kidogo, asilibonyeze, wala asitumie vidole vilivyoachana. Mama aonyeshe E mara 5, akiigeuza nyuma ya mgongo wake kabla ya kila mara. Kisha jicho la pili.

Akipata 4 au 5 kati ya 5 kwa kila jicho, amevuka. Chini ya hapo, hata kama ni kwa jicho moja tu, anahitaji kupimwa na mtaalamu. Ukubwa huo wa herufi ndio ambao watu wa macho huuita 6/12: mtoto aliyeshindwa haoni kwa mita 6 kile ambacho jicho zima linakiona kwa mita 12. Kosa linaloharibu kipimo hiki ni kumtazama mtoto mkono badala ya uso. Akifinya macho atavuka bila kustahili. Mvulana wetu alipata 5 kati ya 5 kwa jicho la kushoto huku amefinya. Alipoambiwa afungue macho akapata 2. La kulia alipata 1 tu. Kupitia tundu la kadi yote mawili yakapata 5.

Kupima jicho mojamoja si urasimu. Mtoto mwenye jicho moja zima na moja bovu huenda asionyeshe dalili yoyote kati ya zile tulizozitaja. Jicho zima linafanya kazi ya mawili, na ubongo unazoea kulipuuza lile jingine hadi linabaki dhaifu hata ukilivalisha miwani. Hali hiyo hutibika vizuri zaidi kabla ya miaka 7 au 8, kwa miwani na kwa kuliziba jicho zima kwa saa kadhaa kila siku ili la pili lilazimike kufanya kazi. Kwa hiyo mpime hata mdogo wa chekechea ambaye bado hana ubao wa kusoma. Na ukumbuke mpaka wa kipimo chako: mtoto mwenye shida ya kuona karibu anaweza kuvuka vizuri kabisa, kwa sababu jicho lake changa linajikaza na kufidia. Akilalamika kwamba kichwa kinauma kila baada ya kusoma, apimwe tu hata kama E ameiweza.

Kushuku na kupima ni nusu ya kazi. Mwaka 2018 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliofanyika katika shule za Trans Nzoia nchini Kenya, ambako walimu waliwapima baadhi ya wanafunzi kwa E iliyo kwenye simu. Wazazi wa waliokutwa na shida katika kundi hilo walipewa picha inayoonyesha jinsi mtoto wao anavyouona ubao, wakakumbushwa kwa ujumbe wa simu. Zaidi ya nusu ya watoto hao walifikishwa hospitali. Katika kundi lililopimwa kwa chati ya kawaida na kupewa barua ya rufaa, waliofika walikuwa kama mmoja kati ya watano. Barua zinabaki begini. Ukiipata, panga siku na uiandike.

Mpeleke mahali penye kitengo cha macho kinachopima watoto. Hospitali nyingi za wilaya na za mkoa zina mtaalamu wa macho, na kwa makubwa zaidi ziko KCMC Moshi, Muhimbili na CCBRT Dar es Salaam, au Kikuyu kwa walio karibu na Nairobi. Sikushauri umalizie kwenye duka la miwani lenye mashine tu. Mtoto anapochungulia ndani ya mashine jicho lake hujikaza bila yeye kujua, na mashine inasoma hasi kubwa kuliko ilivyo. Ndiyo sababu watoto hupimwa baada ya kutiwa matone yanayolegeza misuli ya jicho na kupanua mboni. Yule mvulana mashine ilimpa hasi 2.75 jicho la kulia. Baada ya matone ikawa hasi 1.75, na kushoto hasi 1.25. Tofauti ya namba nzima ingemletea kichwa kuuma kila siku, angeivua miwani, na nyumbani wangesema haimfai. Uliza waziwazi: "Mtamtia matone?" Baada ya hapo mwanga utamkera na maandishi ya karibu yatamtatiza kwa muda wa siku nzima hivi, kwa hiyo mbebee kofia na usimdai kazi za nyumbani jioni hiyo.

Hali chache hazisubiri miadi. Mboni inayoonekana nyeupe, ana kwa ana au kwenye picha iliyopigwa kwa mwanga wa kamera, inaweza kuwa mtoto wa jicho au saratani ya jicho. Mpeleke siku hiyohiyo. Vivyo hivyo makengeza yaliyotokea ghafla, uoni uliopotea ghafla, au kuona vitu viwili pamoja na kichwa kuuma na kutapika. Na kwa mtoto anayepekecha macho mekundu yanayowasha mwaka mzima: asitiwe dawa ya matone ya kununua tu dukani. Baadhi ya matone hayo yana steroidi, na yakitumika kwa miezi bila usimamizi yanaweza kupandisha presha ya jicho na kuharibu uoni moja kwa moja. Kupekecha kwenyewe nako kunaweza kuharibu umbo la mbele ya jicho.

Miwani ikishapatikana, utaambiwa na majirani kwamba itamzoesha na kumdhoofisha. Haidhoofishi. Namba hupanda kwa sababu mtoto anakua na jicho linarefuka pamoja naye, na kumpa namba ndogo kuliko aliyoandikiwa hakuzuii hilo. Karoti na mchicha ni vyema kwa vitamini A, lakini havilifupishi jicho lililorefuka. Kinachojulikana kusaidia kuchelewesha tatizo hili kuanza ni kucheza nje kwenye mwanga wa mchana, kama saa mbili kwa siku. Chagua lenzi za plastiki, za kioo zikivunjika zinaweza kumuumiza, na fremu aichague yeye. Mtoto anayeitwa "macho manne" uwanjani huvumilia miwani aliyoipenda, ile ya kulazimishwa huificha begini. Zungumza na mwalimu kabla ya siku ya kwanza, asogezwe mbele kwa muda na asiitwe ubaoni ili aonyeshwe kwa wenzake.

Siku za mwanzo sakafu inaweza kuonekana imeinama na ngazi kuwa mbali. Huzoea ndani ya wiki moja au mbili. Mwezi ukipita, toa tena ile E, umpime akiwa na miwani usoni, jicho mojamoja, mita 6. Akishindwa, mrudishe alikopimwa ukiwa na majibu yako mkononi. Akivuka, iweke karatasi mahali usipoipoteza na umpime tena kila muhula unapofunguliwa, huku ukirudi kwa mtaalamu angalau mara moja kwa mwaka mpaka atakapomaliza kukua.